Mkunjo wa pH wa Asidi Dhaifu na Besi Kali: Kutafuta Chanzo cha Namba Zisizokubaliana

Titresheni ya asidi ya asetiki, ile iliyomo ndani ya siki, kwa haidroksaidi ya sodiamu ni zoezi la kawaida katika maabara za shule na vyuo, na kwa sababu ni la kawaida, mtu akipata namba zisizolingana na kitabu huwa hajui aanzie wapi. Wengi huanza kwa kurudia jaribio zima, ilhali mkunjo walioupata tayari unaeleza kosa liko wapi, mradi mtu ajue kuusoma. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, lakini kwanza tuutazame mkunjo usio na kasoro.

Mkunjo wenye afya

Tuchukue mililita 25.00 za asidi ya asetiki yenye ukolezi wa moli 0.100 kwa lita, iliyopimwa kwa pipeti na kuwekwa kwenye bika juu ya kikorogeo cha sumaku, elektrodi ya kioo ikiwa imezama vizuri. Katika bureti tuweke haidroksaidi ya sodiamu yenye ukolezi uleule. pKa ya asidi hii katika nyuzi joto 25 ni 4.76. Hesabu za kawaida za darasani zinatoa namba zifuatazo:

| Besi iliyoongezwa (mililita) | pH |
|---|---|
| 0 | 2.88 |
| 5.00 | 4.16 |
| 12.50 | 4.76 |
| 20.00 | 5.36 |
| 24.00 | 6.14 |
| 24.90 | 7.16 |
| 25.00 | 8.73 |
| 25.10 | 10.30 |
| 26.00 | 11.29 |
| 30.00 | 11.96 |

Mwanzoni pH inapanda haraka kidogo, kisha inaingia kwenye tambarare ndefu ambamo kila tone la besi linageuza molekuli za asidi kuwa ioni za asetati bila pH kusogea sana. Eneo hili ni bafa, na pH yake inafuata mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch:

```
pH = pKa + log([A-]/[HA])
```

Nusu ya asidi inapokuwa imegeuzwa, kiasi cha asetati na kiasi cha asidi iliyobaki ni sawa, logi ya moja ni sifuri, na pH inakuwa sawa na pKa. Hiyo ndiyo nukta ya nusu-ulingano, hapa mililita 12.50. Baada ya tambarare mkunjo unasimama karibu wima: kati ya mililita 24.90 na 25.10, ambazo ni kama matone manne tu ya bureti, pH inaruka zaidi ya vizio vitatu. Katikati ya mruko huo ndipo ilipo nukta ya ulingano, ambapo moli za besi zilizoongezwa ni sawa na moli za asidi iliyokuwapo.

Sasa utazame umbo hilo kwa jicho la mtu anayetafuta kosa. Katika nukta ya nusu-ulingano mkunjo umelala. Ukikosea ujazo kwa nusu mililita, ukasoma pH kwenye 13.00 badala ya 12.50, kosa la pH ni logi ya 13 kwa 12, yaani karibu 0.03 tu. Katika nukta ya ulingano mkunjo umesimama, kwa hiyo hata mita ikisoma pH kwa kosa la nusu kizio, mahali pa mruko kwenye mhimili wa ujazo hapasogei kwa kiasi kinachoonekana. Maana yake ni kwamba makosa ya ujazo, kama bureti au ukolezi wa besi, yanaharibu nukta ya ulingano lakini yanaigusa pKa kidogo sana. Na makosa ya mita yanaiharibu pKa lakini yanauacha ujazo wa ulingano salama. Dalili karibu zote zinazofuata zinatenganishwa kwa kuuliza kosa limesogeza mkunjo kwa kwenda pembeni au kwa kwenda juu na chini.

Dalili: pH kwenye nusu-ulingano haifanani na pKa ya kitabu

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi zaidi, na ina vyanzo vingi, kwa hiyo ukubwa wa tofauti ndio wa kuangaliwa kwanza.

Kama umepata 4.68 au karibu na hapo, huna kosa la kutafuta. pKa ya 4.76 ni ya mmumunyo uliozimuliwa kupita kiasi, ambamo ioni hazisumbuani. Katikati ya titresheni yetu ukolezi wa ioni za sodiamu na asetati ni kama moli 0.033 kwa lita, na mvutano kati ya chaji hizo unaifanya asetati itende kama vile iko pungufu kidogo. Mita ya pH inapima utendaji, haipimi ukolezi, na ukipiga hesabu ya marekebisho hayo unapata upungufu wa karibu 0.08. Mwanafunzi anayepata 4.76 kamili kwa mita ya kawaida katika ukolezi huu ananitia shaka zaidi kuliko aliyepata 4.69, kwa kuwa huenda namba ya kitabu ndiyo iliyomwongoza achague mahali pa kusoma.

Kama umepata karibu 4.4, kabla ya kugusa kifaa chochote angalia daftari. Kuna watu wanaosikia neno nusu na kugawa pH ya nukta ya ulingano kwa mbili: 8.73 gawanya kwa 2 ni 4.37. Namba hiyo inakaribia pKa kiasi cha kumdanganya hata msahihishaji mwenye haraka, lakini haina maana yoyote ya kikemia. Kinachogawanywa kwa mbili ni ujazo. pH inasomwa tu kwenye mkunjo mahali ujazo huo unapoangukia.

Kama umepata karibu 5.4, kuna uwezekano umegawa kwa mbili ujazo wote uliomimina. Mtu aliyeendelea hadi mililita 40 ili apate mkia mzuri wa mkunjo, kisha akachukua 20 kama nusu, atasoma 5.36 na kudhani elektrodi imechoka. Ujazo unaogawanywa ni ule wa nukta ya ulingano peke yake, na ndiyo sababu pKa haiwezi kusomwa kabla nukta hiyo haijapatikana. Kosa la jamaa moja na hili ni kusahau kwamba bureti haikuanzia sifuri. Ukianzia kwenye alama ya 1.40 na ulingano ukatokea kwenye 26.40, nusu iko kwenye alama ya 13.90, wala si 13.20. Hata hivyo kosa hilo la mwisho linashusha pH kwa 0.05 tu, kwa sababu ya tambarare tuliyoieleza, hivyo halitoshi kueleza tofauti kubwa.

Ukishathibitisha kwamba nusu ilichukuliwa sawasawa, na tofauti bado ni 0.2 au zaidi, iache bureti ipumzike. Ili kosa la ujazo lisogeze pH ya nusu-ulingano kwa 0.2, ujazo wa nusu ungepaswa kukosewa kwa karibu mililita 2.8, yaani ujazo wa ulingano ukosewe kwa zaidi ya mililita 5, na kosa la namna hiyo lingeonekana kwa macho. Vilevile usiulaumu ukolezi wa besi. Besi ikiwa moli 0.093 badala ya 0.100, ujazo wa ulingano utasogea hadi karibu mililita 26.9, lakini nusu yake itasogea pamoja nao na uwiano wa asetati kwa asidi pale utabaki kuwa moja. Kwa kutafuta pKa pekee, huhitaji hata kuujua ukolezi wa besi yako. Kilichobaki ni mita.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu kwa sababu kinaonyesha jinsi ya kuihoji mita bila kufungua kitu. Mwanafunzi mmoja alikuja na mkunjo ambao nukta yake ya ulingano ilikuwa mililita 25.0, sawa kabisa na hesabu, lakini pH ya nusu-ulingano ilikuwa 4.91. Alikuwa amekwisha kurudia mara mbili na kupata namba ileile, jambo lililomfanya aamini kwamba asidi ndiyo iliyochafuka. Badala ya kuitazama nukta moja, tulitazama tatu. Mwanzoni kabisa, kabla ya tone la kwanza, mita yake ilisoma 3.3 mahali panapopaswa kuwa karibu 2.9, imezidi kwa 0.4. Kwenye nusu-ulingano ilisoma 4.91 badala ya 4.68, imezidi kwa 0.23. Jirani na pH 7 ilikubaliana na hesabu. Mkiani, kwenye mililita 30, ilisoma chini ya inavyotakiwa kwa karibu nusu kizio.

Tofauti haikuwa sawa kila mahali. Ilikuwa sifuri kwenye pH 7 na ilikua kadiri mtu alivyoondoka hapo, upande wa asidi ikizidisha na upande wa besi ikipunguza, kana kwamba mkunjo mzima umebanwa kuelekea saba. Hiyo ni alama ya elektrodi ambayo mteremko wake umepungua. Elektrodi nzuri katika nyuzi joto 25 hutoa milivolti 59.2 kwa kila kizio cha pH. Yake ilikuwa inatoa kama asilimia 90 ya hizo, na mita haikuambiwa. Tulipomuuliza alivyoirekebisha, alisema alitumbukiza elektrodi kwenye bafa ya pH 7, akabonyeza kitufe, akaona imeandika 7.00, akaendelea na kazi. Bafa moja inaifundisha mita mahali pa kuanzia. Haiifundishi hatua ni ndefu kiasi gani. Alipoirekebisha kwa bafa ya 7 na ya 4, kisha akaihakiki kwa bafa ya 10 bila kubonyeza chochote, nusu-ulingano ilirudi kwenye 4.69 kwa asidi ileile iliyotuhumiwa.

Ingekuwa tofauti ni ileile kila mahali, tuseme 0.2 juu mwanzoni, katikati na mkiani, tungetafuta chanzo kingine: bafa ya 7 iliyochafuliwa kwa kurudishwa kwenye chupa baada ya kutumika, au elektrodi ambayo kiunganishi chake cha marejeo kimeziba kwa chumvi. Kurudia jaribio kwa elektrodi ileile isiyorekebishwa, kama alivyofanya yule mwanafunzi, kunatoa kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa. Namba kujirudia si ushahidi kwamba ni sahihi.

Kuna sababu moja zaidi, ambayo haihusu asidi ya asetiki bali asidi zenye nguvu zaidi kuliko yenyewe. Asidi ya kloroasetiki ina pKa ya 2.86. Katika nusu-ulingano yake sehemu ya asidi iliyobaki inajitenganisha yenyewe bila kungoja besi, kwa hiyo uwiano wa kloroasetati kwa asidi si moja tena. Kwa ukolezi wa kuanzia wa 0.100 tofauti ni ndogo, pH inakuwa 2.89, lakini ukiizimua hadi 0.0100, pH ya nusu-ulingano inafika 3.08, na ukiiandika kama pKa umekosea kwa zaidi ya 0.2 bila kifaa chochote kuharibika. Kanuni ya kwamba pH ni sawa na pKa kwenye nusu inashika pale tu ukolezi wa ioni za hidrojeni unapokuwa mdogo sana ukilinganishwa na ule wa asidi na wa chumvi yake.

Dalili: pH kwenye nukta ya ulingano si 7

Haipaswi kuwa 7. Kwenye nukta hiyo bika ina asetati ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.050 kwa lita, na asetati ni besi dhaifu inayochukua hidrojeni kutoka kwa maji na kuacha ioni za haidroksaidi. Hesabu inatoa 8.73. Anayesimamisha bureti pH inapofika 7.00 anakuwa ameongeza mililita 24.86 tu, pungufu ya 0.14, jambo linaloupunguza ukolezi wa asidi kwa karibu asilimia 0.6. Kwa bahati mruko ni mkali, vinginevyo imani hii ya saba ingegharimu zaidi.

Joto nalo lina neno hapa. Katika maabara ya pwani isiyo na kiyoyozi, kwenye nyuzi joto 30, maji yenyewe yanajitenganisha zaidi na pH ya ulingano inashuka hadi karibu 8.65. Kitufe cha joto kwenye mita hurekebisha mteremko wa elektrodi peke yake. Hakiwezi kuirudisha kemia ya bika kwenye nyuzi 25.

Dalili: rangi inabadilika mapema, au inabadilika polepole bila kikomo

Hapa karibu kila mara chanzo ni kiashiria. Methili oranji hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4. Rudi kwenye jedwali uone pH hizo zinaangukia wapi: rangi inaanza kugeuka kabla hata nusu mililita haijatoka kwenye bureti, na inamaliza safari yake kwenye kama mililita 7.6, wakati chini ya theluthi moja ya asidi imeguswa. Mtu anaona rangi inasogea kidogo kidogo kutoka wekundu kwenda njano, hajui asimame wapi, na popote atakaposimama atakuwa amekosea. Kiashiria hicho kinafaa kwa asidi kali, ambayo mruko wake unaanzia chini. Kwa asidi dhaifu kinaangukia ndani ya bafa. Finolfthalini, inayobadilika kati ya takriban 8.3 na 10.0, inaangukia katikati ya sehemu ya wima, na tone moja au mawili yanatosha kuigeuza.

Ikiwa rangi ya waridi ya finolfthalini inatokea vizuri kisha inafifia baada ya dakika moja au mbili, usiongeze besi ili kuirudisha. Hewa ya ukaa inaingia kwenye mmumunyo na kuila haidroksaidi kidogo iliyozidi. Chukua waridi hafifu inayodumu kama nusu dakika huku ukikoroga, basi. Kama inafifia ndani ya sekunde chache hata ukikoroga vizuri, hapo bado hujafika, na tone jingine ni halali.

Siki ya kahawia ina tatizo lake: rangi yake inaificha waridi. Siki ya asilimia 5 ina asidi ya asetiki karibu moli 0.83 kwa lita, kwa hiyo huzimuliwa mara kumi kabla ya titresheni, na uzimuaji huo mara nyingi unaipunguza kahawia kiasi cha kutosha. Ikiwa bado inaonekana, tumia mita na uache kiashiria.

Dalili: mruko umelegea, haupandi wima

Anza na jambo jepesi zaidi, ambalo ni namna besi ilivyoongezwa. Aliyemimina mililita moja moja mwanzo hadi mwisho anaweza kuwa na nukta kwenye 24.10, yenye pH 6.19, na inayofuata kwenye 25.10, yenye pH 10.30. Akiziunganisha kwa rula atapata mteremko wa kiungwana na atasema ulingano uko katikati, yaani 24.60. Kemia haikulegea, yeye ndiye hakuwapo mruko ulipotokea. Mimina kwa mililita moja hadi utakapoona pH imepita 6, halafu punguza hadi mililita 0.10 au tone moja moja, na usubiri mita itulie kila mara, kwa kuwa jirani na ulingano bafa imekwisha na elektrodi inachelewa kutoa namba ya kudumu. Kisha usikisie kwa jicho. Gawa badiliko la pH kwa badiliko la ujazo kati ya kila nukta mbili: katika mfano wetu, kutoka 24.80 hadi 24.90 jibu ni karibu 3 kwa mililita, kutoka 24.90 hadi 25.00 na kutoka 25.00 hadi 25.10 ni karibu 16, kisha linarudi 3. Kilele cha namba hizo ndicho ulingano.

Kama nukta zako ni za karibu na bado mruko umelegea, hasa ukiona bega dogo kati ya pH 6 na 7, ishuku haidroksaidi ya sodiamu yenyewe. Vidonge vyake na mmumunyo wake hunyonya hewa ya ukaa na kutengeneza kabonati, na asidi kaboniki inayotokana nayo ina bafa yake yenye pKa ya 6.35, pale pale ambapo mkunjo wetu unapaswa kuwa unajiandaa kuruka. Kabonati ina tabia moja inayosaidia kuigundua: chini ya pH 5 inachukua hidrojeni mbili, lakini finolfthalini inapogeuka imehesabu moja tu. Tuseme asilimia 4 ya nguvu ya besi yako imo katika kabonati. Ukiisanifisha kwa asidi ya haidrokloriki na methili oranji utaambiwa ni 0.100; ukiitumia kwa asidi ya asetiki na finolfthalini itatenda kama 0.098, na ulingano utatokea kwenye mililita 25.5. Viashiria viwili kutoa majibu mawili kwa besi ileile ndiyo dalili ya kabonati. Na pKa? Hapo utasoma kwenye 12.75 badala ya 12.50, na kosa halifiki 0.02. Tambarare imeificha kasoro ambayo kwa kutafuta ukolezi wa siki ingekuwa asilimia 2 nzima.

Dawa yake ni kutengeneza besi upya kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, kutoka kwenye mmumunyo mzito wa asilimia 50, ambamo kabonati ya sodiamu haiyeyuki na hutuama chini. Chukua sehemu ya juu iliyo safi, izimue, ihifadhi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, na uisanifishe kwa hidrojeni fthalati ya potasiamu, yenye gramu 204.22 kwa moli, ukitumia finolfthalini ileile utakayoitumia kwenye kazi. Fthalati yenyewe ni asidi dhaifu, hivyo kosa dogo la kabonati lililobaki linaingia pande zote mbili na kufutana.

Baada ya hapo kuna mikunjo iliyolegea kwa haki yake. Ukizimua asidi ya asetiki na besi hadi moli 0.001 kwa lita kila moja, matone yaleyale manne yanaipandisha pH kutoka kama 7.1 hadi 8.3 tu, maana haidroksaidi inayozidi ni chache mno kuuvuta mkunjo juu. Finolfthalini hapo haiwezi kugeuka kwa ghafla. Na asidi ikiwa dhaifu kupita kiasi, mruko unatoweka kabisa. Asidi ya boriki ina pKa ya 9.24, na kwa ukolezi wa 0.100 nukta yake ya ulingano iko karibu na pH 11, mahali ambapo besi iliyozidi na chumvi ya asidi hazitofautiani sana kwa pH. Kipimo cha haraka ni kuzidisha Ka kwa ukolezi: jibu likiwa chini ya takriban 10⁻⁸, usitegemee kuona mruko wa kufaa. Kwa asetiki ya 0.100 jibu ni karibu 10⁻⁶, kwa boriki ni chini ya 10⁻¹⁰.

Katika hali ya boriki tambarare bado ipo na nusu-ulingano bado inasomeka, ila hujui nusu iko wapi kwa kuwa hukuuona ulingano. Ukiwa umeipima boriki kwa mizani na besi imesanifishwa, unaweza kuuhesabu ujazo wa ulingano badala ya kuutafuta kwenye mkunjo, ukaugawa kwa mbili na kusoma pH pale. Ukitaka mruko wenyewe, ongeza manitoli au gliseroli kwa wingi kabla ya kuanza. Molekuli hizo hujifunga na boriki na kutengeneza asidi yenye nguvu zaidi, na finolfthalini inaweza kutumika tena. Ila mkunjo utakaoupata hapo ni wa asidi mpya, na pH ya nusu-ulingano yake haitakuwa 9.24.